Bajeti ya kambi ya macho imerudishwa tena

Mama Tunu:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Ofisi ya ruzuku imeturudishia bajeti ya kambi ya macho ya kule nyumbani. Wameandika tu, "Idadi ya wagonjwa haiendani na bajeti." Tuliweka watu 300, siku moja, wapimaji wanne wa kujitolea. Kisanduku cha "watakaotibiwa" kinataka nani, wanaopimwa au wanaopasuliwa? Mwisho ni Ijumaa.

Salim:
Ongeza asilimia 10 kila mstari, kisha tuma. Kambi yetu ya presha na sukari ilipita hivyo hivyo. Na mstari wa madaktari futa, si wanajitolea?

Nesi Zawadi:
Salim, anayejitolea hadai mshahara, lakini nauli, malazi na kibali cha muda cha baraza la madaktari vinalipiwa. Asilimia 10 inafaa kwa glavu na pamba. Lenzi za kupandikiza jichoni wakati wa upasuaji hapana, kwa sababu kila jicho lina namba yake inayojulikana baada ya kupimwa. Ukibeba za namba moja tu, wengine watatoka wanaona ukungu na nyingine zitarudi kwenye boksi.

Mama Tunu, mpimaji akitumia dakika 10 kwa mtu, kwa saa anaona 6. Wanne kwa saa 6 ni watu 144. Kwa hiyo 300 kwa siku moja haiingii, na bado anayewekewa matone ya kupanua mboni anasubiri kama nusu saa. Kwa siku mbili mtafika 288. Wengi waliovuka miaka 40 watahitaji miwani ya kusomea tu, hiyo nunueni kwa wingi. Kwa mtoto wa jicho, muulizeni kwanza daktari wa upasuaji timu yake inamudu macho mangapi kwa siku.

Halafu sijaona malazi ya wagonjwa usiku wa upasuaji. Kesho yake bandeji inafunguliwa na jicho linaangaliwa, maana maumivu yanayozidi na kuona kunakofifia huenda ni maambukizi, na hayo hayasubiri. Matone ya wiki nne pia hayamo.

Mzee Hamadi:
Mimi nilipasuliwa huku ughaibuni, jicho la kulia, nikarudi kwangu siku hiyo hiyo. Malazi ya nini? Na kwa nini tuchangishane sisi wakati waheshimiwa wanatibiwa nje kwa kodi zetu?

Nesi Zawadi:
Mzee wangu, wewe kesho yake ulipelekwa kliniki kwa gari. Anayetoka kijiji cha mbali akiondoka harudi.

Salim:
Na matangazo? Redio?

Nesi Zawadi:
Redio ikisema "bure" mtafurikiwa. Timu itangulie kupima na kugawa kadi, redio iwaite wenye kadi tu.

Mama Tunu:
Asanteni sana. Ila kisanduku ni kimoja. Niandike 288 au idadi ya upasuaji?

Mzee Hamadi:
Andika 300, mwanangu. Waheshimiwa nao hawahesabu.