Ushauri: kibao cha mwaloni Kibirizi, amri za wengi na zile "m" mbili

MchoraVibao_Kgm
Wakuu, habari za jioni. Nimepewa kazi ya kuandika kibao cha maelekezo kwa wachakataji wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Amri zilikuwa za mtu mmoja, nikaambiwa nizigeuze ziwe za watu wengi. Rangi ya mafuta haifutiki kirahisi, kwa hiyo naomba mnikagulie kabla sijashika brashi:

1. Nawani mikono kwa sabuni kabla ya kushika samaki.
2. Dagaa wabichi waanikani kwenye vichanja.
3. Msianikeni dagaa mchangani.
4. Rudieni nyumbani vyombo vikishaoshwa.
5. Mmlipeni mkusanya ushuru, mdai risiti.
6. Maji ya ziwani msiyakunywe.
7. Vyombo vichafu vileteeni bombani.

Namba 5 ndiyo inanitatiza zaidi. Kila nikiisoma naona "m" zimezidi.

Kasulu_Kwetu
Mbona rahisi, mkuu. Kitenzi chochote ukitaka kiwe cha wengi unamalizia na -eni. Naweni, waanikeni, lipeni. Namba 4 umeipatia, usiiguse.

BintiUrambo
Samahani, naingilia kidogo. Sisi Tabora kwenye kikundi chetu cha upatu katibu anaandika "nawaombeni michango", mwenyekiti anasema ni "nawaomba" tu. Nani yuko sahihi? Hiyo -ni si ndiyo hii hii mnayoizungumzia?

Mwl_wa_Sarufi
Ndugu MchoraVibao, ngoja kwanza nimrekebishe Kasulu, maana ushauri wake utaharibu kibao. Kanuni ya -eni ni ya vitenzi vinavyoishia na -a: nawa huwa naweni, anika huwa anikeni. Vyenye asili ya Kiarabu vinavyoishia na i, e au u havibadili irabu, vinapokea -ni peke yake: rudini, samehe­ni, jibuni. Ukilazimisha -eni unaweza kuunda kitenzi kingine kabisa. "Rudini" ni kurudi. "Rudieni" imetoka kwenye rudia, yaani mfanye tena. Namba 4 ilivyo sasa, msomaji anajiuliza arudie nini. Andika "Rudini nyumbani".

Sasa namba 5. Macho yako yameona vizuri, "m" zimezidi kweli, lakini usifute yoyote kabla hujajua kila moja inamhusu nani. Kuna "m" ya ninyi mnaoambiwa, na kuna "m" ya yeye anayelipwa. Ya ninyi hukaa mwanzoni kabisa mwa kitenzi. Ya yeye hukaa karibu na mzizi, haitenganishwi nao na kitu. Kwa hiyo una njia mbili tu:

Mlipeni: hapa "m" ni mkusanya ushuru, na wingi wenu umebebwa na -ni ya mwisho.
Mmlipe: hapa "m" ya kwanza ni ninyi, ya pili ni yeye, na -ni haina kazi tena.

"Mmlipeni" imetaja wingi wenu mara mbili, mbele na nyuma. Na ukiandika "mlipe" bila kitu kingine, inasomeka mambo mawili: wewe mmoja umlipe yeye, au ninyi mlipe tu. Kwenye kibao hilo ni tatizo.

Kasulu_Kwetu
Hapo kwenye rudia nimekuelewa, mwalimu. Ila mtu wa kawaida atazitofautishaje hizo "m"? Zinafanana.

Mwl_wa_Sarufi
Mtoe yeye, weka "sisi" mahali pake. Ukipata "tulipeni", basi "m" iliyokuwapo ilikuwa ya anayelipwa, na -ni inabaki. Ukipata "mtulipe", ile "m" iliyogoma kutoka ndiyo ya ninyi, basi -ni iondoke. Ukijikuta umepata "mtulipeni", zimegongana.

Jaribu hapohapo na "mdai risiti". Dai halibadili irabu, kwa hiyo huna -e ya kukusaidia. "Mdai" inaweza kuwa ninyi mdai, wewe mdai yeye, au hata jina la mtu anayedai. Ukiwa umeanza na mlipeni, endelea hivyohivyo: "Mlipeni mkusanya ushuru, kisha mdaini risiti."

Dada_wa_Vichanja
Mimi naona mnamchosha kaka wa watu. Aandike kwa adabu tu: "Tafadhali mnawe mikono, mmlipe mkusanya ushuru." Amri kavu mwaloni watu hawazipendi.

Mwl_wa_Sarufi
Dada, hiyo njia ni sahihi na ni ya upole. Sharti lake asichanganye: akianza na "mnawe", mistari yote iende hivyo, bila -ni hata moja. "Mnaweni" ndiyo kosa ninaloliona kwenye matangazo mengi.

Kwa sababu hiyohiyo namba 3 ni "Msianike". Kukataza tayari kuna "m" ya ninyi kwenye msi-. Mitaani utasikia "msianikeni", na watu wanaelewana, lakini kwenye maandishi ni ziada.

Namba 6, "ku" imekaa pasipo pake. Nywa na la mizizi yake ni mifupi, ndiyo maana amri tupu hushikilia ku: kunyweni, kuleni. Kikija kiambishi cha kitu, au msi- ya kukataza, ku hutoka: yanyweni, msinywe, msiyanywe. Wewe umeweka vyote viwili. Andika "msiyanywe".

Namba 7, "vileteeni" imetoka kwenye letea, na letea inadai mtu wa kuletewa. Mtu huyo ndiye huchukua nafasi ya mbele ya mzizi, na nafasi ni moja: "tuleteeni vyombo", vyombo vinabaki nje. Kama hakuna mtu, ni leta tu: "vileteni bombani".

Kasulu_Kwetu
Namba 2 je? Mimi ningesema "zianikeni". Sokoni tunasema dagaa hizi, dagaa zimekauka. Hawa "wa" ni wa samaki walio hai.

Dada_wa_Vichanja
Hapana. Dagaa ni samaki, na samaki hata akiwa kwenye sufuria ni "huyu". Waanikeni. Migebuka nao wana mi- mwanzoni, lakini hatusemi migebuka imevuliwa, tunasema wamevuliwa.

Kasulu_Kwetu
Nenda sokoni ukasikilize, dada.

Mwl_wa_Sarufi
Nyote wawili mna watu wa kuwaunga mkono, na hapa hatutamaliza leo. Kibao hakihitaji kusubiri. Ukiitanguliza amri, kiambishi si lazima: "Anikeni dagaa kwenye vichanja." Ondoa na "wabichi", maana nayo inakulazimisha uchague upande. Ndiyo maana pia ni "Naweni mikono", si "Inaweni mikono". Kiambishi kinafaa pale kitu kimekwisha kutajwa kabla ya kitenzi, kama vyombo kwenye namba 7.

BintiUrambo, ya katibu wenu si amri. Hapo "wa" inaweza kuwa ninyi au wao, na -ni huongezwa ili ijulikane ni ninyi. Wako wanaoikubali, wako wanaotaka "nawaomba" na kumwachia msikilizaji muktadha. Mimi huandika "nawaombeni" pale tu panapoweza kuleta utata.

BintiUrambo
Mwenyekiti hatakubali hiyo "pale tu", lakini nitampelekea.

MchoraVibao_Kgm
Asante sana, mwalimu na wote. Naandika hivi:

1. Naweni mikono kwa sabuni kabla ya kushika samaki.
2. Anikeni dagaa kwenye vichanja.
3. Msianike dagaa mchangani.
4. Rudini nyumbani vyombo vikishaoshwa.
5. Mlipeni mkusanya ushuru, kisha mdaini risiti.
6. Maji ya ziwani msiyanywe.
7. Vyombo vichafu vileteni bombani.

Mwl_wa_Sarufi
Zimekaa sawa. Ila namba 4 ihamishie chini ya 7, vyombo vioshwe kwanza ndipo watu warudi.