Ryzen 5 7600X kwa kazi ya kurekodi sauti: kipoza cha hewa au cha maji?

RehemaSauti

Habari zenu wakuu. Naunda kompyuta mpya yenye Ryzen 5 7600X. Prosesa hii haiji na feni kwenye boksi lake, kwa hiyo kipoza lazima nichague mwenyewe. Kazi yangu ni kusoma vitabu kwa sauti na kuhariri, na maikrofoni inakaa kama mita moja na nusu kutoka kwenye kasha.

Nimebaki na viwili. Cha kwanza ni cha hewa, minara miwili, kimo milimita 155. Cha pili ni cha maji kilichofungwa kiwandani, rejeta ya milimita 240. Kasha langu linapokea kipoza chenye kimo kisichozidi milimita 158, na juu kuna nafasi ya rejeta. Sitafuti joto la chini kabisa. Nataka kujua kipi kitakuwa na kelele kidogo, kipi kitadumu, na kipi naweza kukifunga mwenyewe kwa bisibisi.

Kasi_Juu

Maji, dada, wala usijiulize mara mbili. 7600X inafika nyuzi 95. Ukiiwekea cha hewa itashinda kwenye 95 mpaka iungue. Tena maji yako kimya siku zote, kwa kuwa rejeta ni pana na feni zake zinazunguka taratibu.

FundiMapezi

Kasi, la rejeta una haki nusu. La kuungua hapana. AMD wenyewe wameiwekea prosesa hiyo kikomo cha 95. Ikigusa hapo inajipunguza kasi, haiungui.

Dada Rehema, tazama joto linatokea wapi. Kipande kinachochemka ndani ya 7600X kina eneo la milimita za mraba kama 70 tu. Joto lote linatoka hapo, linapita kwenye kifuniko kinene cha chuma, ndipo linakutana na kipoza. Njia hiyo finyu ni ileile, juu yake uweke hewa au maji. Ndiyo maana mtu ananunua rejeta kubwa akitegemea maajabu, halafu anapata tofauti ya nyuzi chache. Soketi inairuhusu prosesa hiyo ivute hadi wati 142, na minara miwili inazibeba bila taabu.

Kwa hiyo usilinganishe joto, linganisha aina ya sauti. Feni ya hewa hupanda na kushuka: ukifungua programu tu, prosesa inaruka kutoka 45 hadi 65 kwa sekunde moja, na feni inaifuata. Maji yana uzito, yanachukua dakika kadhaa kupata moto, kwa hiyo feni za rejeta zina sababu ndogo ya kushtuka. Lakini pampu hailali. Ina mvumo mwembamba unaoendelea hata kompyuta ikiwa haina kazi, na ukiwa chumba kimoja na maikrofoni huo ndio wa kuusikiliza kwanza.

BabaMzunguko

Mimi nimetumia maji miaka mingi. Mara moja kwa mwaka namwaga maji yote, nasuuza mabomba, naweka maji mapya yenye dawa ya kuzuia ukungu, halafu naiwasha pampu peke yake usiku mzima huku nimetandaza karatasi chini nione kama panavuja. Kadi ya picha nayo imo kwenye mzunguko huohuo. Dada, kama kazi hiyo huiwezi, maji achana nayo.

Tumaini_K

Mzee, shikamoo. Huo wako ni mfumo wa kujijengea. Anaouliza dada umefungwa kiwandani, hakuna pa kumwagia wala kuongezea. Kazi yake ni kupuliza vumbi kwenye rejeta tu.

Ila niseme yaliyonipata. Nilikuwa nacho cha namna hiyo, cha 240, na mwaka wa nne pampu ilikufa. Hakikuvuja hata tone. Asubuhi moja kompyuta iliwaka, ikafika kwenye mfumo, ikaanza kujikokota. Nikaingia BIOS, nikaona joto linapanda mbele ya macho yangu: 60, 75, 90, chini ya dakika moja, na hakuna programu iliyokuwa inaendeshwa. Nikagusa kichwa cha pampu, moto. Nikagusa rejeta, baridi kabisa, na feni zake zinapuliza kwa nguvu zote. Hapo nikajua maji yamesimama. Hakuna cha kutengeneza, unatupa chote. Nilikaa siku tano bila kompyuta nikisubiri kingine.

Sasa natumia cha hewa. Feni yake imeshaanza kukwaruza beringi mara moja. Nikanunua feni nyingine ya milimita 120, nikabana vile viwaya viwili, nikaendelea na kazi. Mapezi na mirija ya shaba havina kinachozunguka, havina cha kufa.

Kasi_Juu

Nimekuelewa Tumaini, lakini hicho ni kimoja. Changu kiko mwaka wa sita na hakijawahi kunishtua. Huwezi kuhukumu pampu zote kwa pampu yako.

Tumaini_K

Sihukumu zote. Nasema tu kila kimoja kinavyokufa. Feni ya hewa ikifa, unaisikia au unaiona imesimama, na kompyuta bado inatembea polepole kwa kazi nyepesi. Pampu ikifa, dakika moja tu na kazi imesimama. Anayerekodi kwa ahadi ya tarehe alijue hilo.

RehemaSauti

Asanteni sana. Nimepima tena na nimepata tatizo. Vijiti vyangu vya ramu vina mapambo juu, kimo milimita 44. Karatasi ya kile cha minara miwili inasema chini ya feni ya mbele kuna nafasi ya milimita 38. Feni si inasogezwa juu tu?

FundiMapezi

Inasogezwa, ila fanya hesabu kabla hujalipa. 44 toa 38, feni inapanda milimita 6. Angalia kwenye mchoro ncha ya feni iko wapi ukilinganisha na ncha ya mnara. Zikiwa sawa, 155 inakuwa 161, na kasha lako mwisho wake ni 158. Mlango wa pembeni hautafunga, na ukiulazimisha utakuwa unasukuma feni na mnara ambao umeshikwa na soketi.

Una njia tatu. Ununue ramu fupi. Au feni ya mbele uiondoe, ubaki na ile ya katikati, ambayo kwa prosesa hii inatosha, joto linaongezeka kidogo tu. Au uchukue mnara mmoja ambao mirija yake imepindwa kuelekea nyuma, feni inakaa kabla ya kufika kwenye ramu. Mimi ningechukua huo wa tatu, na kwenye BIOS ningewasha `Eco Mode` ya wati 65. Hapo uvutaji wa juu unashuka kutoka wati 142 hadi 88. Kwa kuhariri sauti hutaona kilichopungua, na feni inapata kazi ndogo mno.

Kwa rejeta ya juu nako kuna kupima. Unene wa rejeta ni kama milimita 27, ongeza feni 25, jumla 52. Ramu zako ndefu zinaweza kugongana na feni hizo pia, inategemea rejeta imekaa umbali gani kutoka kwenye mazabodi. Watu wengi hudhani maji yanakwepa tatizo la ramu, halafu wanakutana nalo darini.

Kasi_Juu

Si anaweza kuiweka mbele?

FundiMapezi

Anaweza, lakini ncha ya juu ya rejeta iwe juu kuliko pampu. Ndani ya mfumo daima kuna hewa kidogo, na maji hupungua taratibu kwa kupenya kuta za mipira mwaka hadi mwaka. Hewa hiyo inapanda mahali pa juu kabisa. Pakiwa ni kichwa cha pampu, utasikia mbubujiko kila ukiwasha, na pampu inaumia.

Kwenye kufunga, soketi yako ya AM5 ina jambo moja. Lile bamba la nyuma ya mazabodi usilifungue, ndilo limeshika soketi. Unatoa tu vile vishikio viwili vya plastiki vya mbele na kutumia matundu yaleyale ya skrubu. Kaza kwa zamu, mizunguko miwili huku, miwili upande wa pili, mpaka zikatae zenyewe. Waya wa umeme wa prosesa, ule wa kona ya juu, uchomeke kabla mnara haujakaa, maana baadaye vidole havipiti. Na ile karatasi ya plastiki chini ya bamba la shaba la kipoza itoe. Nimeshaletewa mashine tatu zinazochemka kwa sababu yake tu.

RehemaSauti

Nimerudi baada ya wiki mbili. Nilichukua mnara mmoja wenye feni ya 120. Kufunga kulinichukua dakika 40, nyingi zikiwa za kusoma karatasi.

Siku ya kwanza nilikata tamaa. Kila nikibofya kwenye programu ya kuhariri feni ilisema vuuu kisha ikanyamaza, na kwenye rekodi ilisikika chini ya sauti yangu. Nikawasha `Eco Mode`, ikapungua, haikuisha. Ndipo nikaingia mpangilio wa feni kwenye BIOS, nikaiwekea mstari ulionyooka: asilimia 35 mpaka nyuzi 70, kisha ndiyo ianze kupanda, na ichelewe sekunde chache kabla ya kubadilika. Sasa nikirekodi prosesa inacheza kati ya 44 na 62, feni haitikisiki. Nikitoa faili kubwa inafika 74 na ninaisikia, lakini wakati huo maikrofoni imezimwa.

Kimebaki kitu kimoja. Kuna mvumo mdogo sana bado, na nilipoizuia feni kwa kidole sekunde mbili haukukoma.

BabaMzunguko

Huo si wa kipoza. Sikiliza nyuma, kwenye pawa saplai, kisha kadi ya picha.

Kasi_Juu

Nafurahi imekukubali. Bado naamini kwa anayetoa video saa nzima mfululizo rejeta ingekuwa kimya kuliko huo mnara.

FundiMapezi

Kwa saa nzima kwenye wati 142 huenda, Kasi, sikatai, inategemea pampu. Dada, kidole usirudie, tumia BIOS kuishusha. Chomoa feni ya nyuma ya kasha kwa dakika moja usikilize, halafu utuambie mvumo umebaki au la.