Nimegeuzwa mla pesa na neno "kwa". Waandika ripoti, mnatumaliza!

Katibu_Bomba:
Wakuu, nina hasira na leo sitapoza maneno.

Mimi ni katibu wa kamati ya maji kijijini kwetu. Mwezi Machi nilimlipa fundi shilingi 1,850,000 taslimu abadilishe mabomba yaliyooza. Fundi hakuandika risiti, hilo ni kosa na nililikiri mwenyewe mbele ya mshauri aliyeletwa kukagua mradi. Akaandika kwenye daftari lake, tukaagana vizuri.

Juzi ripoti imesomwa kwenye mkutano wa kijiji. Nanukuu neno kwa neno: "Shilingi 1,850,000 zililipwa kwa katibu wa kamati bila risiti ya mpokeaji."

KWA katibu! Yaani mimi ndiye niliyepokea! Watu wote wakageuka kunitazama. Mzee mmoja akakohoa kile kikohozi chenu mnachokijua. Nyumbani sijavua hata viatu, mama watoto ananiuliza, "Baba Neema, hizo hela zimelala wapi?"

Nikampigia mshauri. Ananijibu kwa upole kabisa kwamba maana iko wazi, alikusudia katibu ndiye aliyelipa, "kwa" na "na" ni kule kule. Kule kule wapi? Ukiniambia "barua ilipelekwa kwa mwenyekiti" na "barua ilipelekwa na mwenyekiti", barua iko mkononi mwa nani? Hata mtoto wa chekechea anajua. Baadaye akakiri kwamba ripoti aliiandika kwanza kwa Kiingereza, kisha akaigeuza usiku wa kuamkia mkutano. Kule kwao neno moja, "by", linatosha kwa mtu aliyefanya na kwa basi ulilopanda, basi naye kila akilikuta anabandika "kwa".

Si hiyo tu. Ukurasa wa pili: "Bomba kuu liliharibiwa na panga na watu wasiojulikana." Panga na watu walikaa kikao wakakubaliana? Ukurasa wa tatu: "Koki ilivunjika na watoto." Ikivunjika imevunjika yenyewe, kama ni watoto, ilivunjwa na watoto!

Nimeomba ripoti irekebishwe isomwe upya. Naambiwa ni "makosa madogo ya uchapaji".

Mti_Mkavu:
Pole mkuu, ila tuanze na la msingi. Milioni karibu mbili taslimu bila risiti? Hata ingeandikwa kwa lugha ya malaika, mimi ningekohoa pia.

Katibu_Bomba:
Mti_Mkavu, soma uzi. Risiti nimeikiri. Ninachokataa ni kuitwa mpokeaji.

Dogo_Steshenari:
Mbona rahisi hii. Mtu anachukua NA, kitu kinachukua KWA. Alipigwa NA mwizi KWA rungu. Mimi nachapa ripoti za watu kila siku, kanuni ni hiyo, habari imeisha.

Bi_Mkubwa_Tanga:
Mwanangu Dogo, kanuni yako ni nzuri mpaka nyoka akuume. Ameumwa na nyoka, amegongwa na gari, amepigwa na radi, paa limeezuliwa na upepo, tumenyeshewa na mvua. Hao wote si watu, na hakuna anayesema "nimenyeshewa kwa mvua". Usiulize kama ni mtu au kitu. Uliza ni nani au nini kimetenda, na kimetumiwa nini. Rungu halikuamka lenyewe, limeshikwa, ndiyo maana ni "kwa rungu". Upepo haukushikwa na mtu.

Na wewe katibu, ulilofanyiwa ni baya kuliko unavyodhani. "Kwa" ikifuatwa na mtu huwa haikai bure, inakuwa ya kupelekea. Zililipwa kwa fundi, zilikabidhiwa kwa mweka hazina, malalamiko yalipelekwa kwa mtendaji. Kwa hiyo msomaji hakuona sentensi mbovu akasita. Aliona sentensi nzuri kabisa yenye maana nyingine. Kosa la koki linajitangaza lenyewe. Hili lako linapita kimya.

Nimesahihisha taarifa za ofisi zaidi ya miaka 20, na nadhani najua linakoanzia. Tazameni vichwa vya taarifa: "Kuidhinishwa kwa bajeti", "Kuteuliwa kwa mkurugenzi". Hapo "kwa" ni sawa, lakini si ya mtendaji. Inatokana na hiyo "ku" ya mbele, kama "kuja kwake". Mkurugenzi hakuteua, yeye ndiye aliyeteuliwa. Mtu akizoea kuona "kuidhinishwa kwa", akishuka kwenye aya anaandika "bajeti iliidhinishwa kwa mkutano mkuu". Ukitaka vyote viwili, ni "kuidhinishwa kwa bajeti na mkutano mkuu".

Sentensi yako ilitakiwa hivi: "Shilingi 1,850,000 zililipwa na katibu kwa fundi, kwa fedha taslimu, bila risiti." Kwa mbili, kila moja na kazi yake, na wewe uko mahali pako.

Ghala_Na_Moto:
Bi Mkubwa umenigusa kidonda. Ghala letu la mahindi liliungua mwaka juzi. Karani wetu akaandika kwenye maelezo ya bima, "ghala liliteketezwa kwa moto". Afisa wa bima akashikilia hapo hapo: nani aliliteketeza? Kwake "kwa moto" ni kama "kwa kiberiti", kuna mkono wa mtu. Tungeandika "liliteketezwa na moto" au "liliteketea kwa moto" pasingekuwa na maswali. Tulizungushwa miezi minne.

Dogo_Steshenari:
Sasa hapo mnanichanganya. "Liliteketea kwa moto" ni sawa lakini "liliteketezwa kwa moto" ina mtu?

Bi_Mkubwa_Tanga:
Ndiyo. "Teketea" haina mtendaji, ghala limeungua tu, na "kwa moto" inaeleza liliungua vipi. "Teketezwa" ina aliyeteketeza, na usipomtaja msomaji anamtafuta. Ndugu zetu wa koki walifanya kinyume: wamechukua kitenzi kisicho na mtendaji wakakifungia watoto mgongoni.

Mombasa_Raha:
Huku kwetu hata barazani kosa hilo la kwa husikii, ni la makaratasi tu. Lakini nina swali. Ofisini wananiambia "jina lako limefutwa na mfumo". Ni na au kwa?

Dogo_Steshenari:
Kwa mfumo! Mfumo ni chombo, kuna mtu kabonyeza.

Ghala_Na_Moto:
Na mfumo. Siku hizi unafuta wenyewe usiku, karani amelala.

Bi_Mkubwa_Tanga:
Hapo sina jibu la moja kwa moja. Kama karani alibonyeza, "na mfumo" ni kujificha nyuma ya mashine. Kama mashine ilijiamulia, ni halali kama upepo. Itabidi umuulize karani, na karani hatasema.

Katibu_Bomba:
Wakuu, mrejesho. Nimempelekea mshauri sentensi ya Bi Mkubwa. Amerekebisha, nimetumiwa sasa hivi, mkutano ni Jumamosi. Nanukuu: "Shilingi 1,850,000 zililipwa na katibu na fundi bila risiti."

Sasa tumelipa wawili. Aliyepokea ni nani?