FIFO ya saa mbili inapoteza maneno, kina cha 32 kimekosea wapi?

bitimoja
Wakuu, habari zenu. Nina sensa inayoandika kwenye FIFO kwa saa ya megaherzi 100, neno moja kila pigo, mkupuo wa maneno 120. Upande wa kusoma, saa ni megaherzi 80. Hesabu yangu ilikuwa hii:

```
120 - 120 * 80/100 = 24
```

Nikaweka kina cha 32. Kwenye simulesheni mambo yalikwenda vizuri. Kwenye bodi, maneno 49 ya kwanza yanafika, la 50 halipo, na kuanzia hapo data ina matundu hadi mkupuo unakwisha. Sensa haina breki, `full` ikiwaka yenyewe inaendelea kumwaga. Nimekesha siku 3, naombeni msaada.

saketi_kavu
Mkuu, umesahau kwamba vielekezi vinavuka kwa flipflopu mbili kila upande. Upande wa kuandika unachelewa kujua kwamba nafasi imeachwa wazi. Ongeza nafasi 7 au 8 juu ya 24, kisha panda hadi 64, utalala.

fundi_mapigo
Ngoja kwanza, usiweke 64 bado. Bitimoja, anayesoma anachukua neno kila pigo la saa yake?

bitimoja
Hapana, anasoma pigo moja anaruka moja, kwa sababu kila neno analitoa vipande viwili. Ila kwenye simulesheni nilimwacha asome kila pigo.

fundi_mapigo
Hapo ndipo ulipopotelea, na ndiyo maana simulesheni haikukuonya. Kasi ya saa siyo kasi ya kusoma. Msomaji wako anatoa neno moja kila nanosekunde 25. Mkupuo unachukua nanosekunde 1,200, na ndani ya muda huo anatoa maneno 48 tu. Yanayobaki ni 72, kwa hiyo 64 nayo ingefurika.

Hata neno lako la 50 linathibitisha. Katika kila maneno 10 yanayoingia, 4 yanatoka na 6 yanabaki. FIFO ya 32 ingejaa karibu na neno la 53 kama habari zingevuka papo hapo. Kwa kuwa zinachelewa, `full` inawaka mapema kidogo.

Huo ucheleweshaji saketi_kavu yuko sahihi kuutaja, ila ameupima kwa kasi ya kuandika. Kinachokosekana ni usomaji ambao mwandishi bado hajauona. Chukua mapigo 3 ya saa ya kusoma, zamu moja ya kusoma iliyokosekana, na mapigo 3 ya saa ya kuandika: karibu nanosekunde 92. Gawa kwa 25, unapata maneno 4. Jumla 76. Vielekezi vya msimbo wa Gray kwa kawaida vinataka kina kiwe kipeo cha 2, basi ni 128.

saketi_kavu
Hiyo ya kugawa kwa 25 nimeikubali. Lakini mimi bado nisingepunguza akiba.

njia_ya_data
Hata mimi nina tatizo hilohilo! Nasoma kwa 150, naandika kwa 100, kila pigo pande zote, kina 4, na `full` inawakawaka. Niweke ngapi?

fundi_mapigo
Yako siyo hilohilo, ndugu. Kwako hakuna kinachorundikana. Nafasi inachukua takriban mapigo 6 ya kuandika tangu ijazwe hadi mwandishi aone imerudi, na wewe umempa 4. Weka 8.

Bitimoja, swali la pili: mikupuo miwili inaweza kufuatana bila pengo?

bitimoja
Ahsante sana. Nadhani haiwezi, mkupuo ni mmoja kila nanosekunde 4,000. Nimeweka 256 kwa muda ili nipime, pamoja na rejista inayoshika ujazo wa juu kabisa upande wa kuandika. Karibu mikupuo yote inasoma 75. Mmoja umesoma 98.

fundi_mapigo
Hiyo 98 ina maana maneno 23 ya mkupuo uliotangulia yalikuwa bado humo ndani. Kati ya 72, yalikuwa yametoka 49 tu, yaani pengo lilikuwa kama nanosekunde 1,225. Kama mikupuo ingeanza kila 4,000 kamili, pengo lingekuwa 2,800 na FIFO ingekuwa tupu. Mikupuo yako inahama ndani ya dirisha lake. Ukikutana na mmoja ulioishia mwisho wa dirisha na mwingine ulioanza mwanzo wa linalofuata, una maneno 240 mfululizo: yanatoka 96, yanabaki 144, na ucheleweshaji unafikisha 148. Hapo 128 haitoshi.

saketi_kavu
Lakini 98 mara moja siyo ushahidi kwamba pengo linaweza kufika sifuri. Kama chipu imebanwa nafasi, kuongeza kina mara mbili ni ghali.

bitimoja
Nimerudi kwenye karatasi ya sensa. Inasema mkupuo mmoja kwa kila dirisha. Unapoanzia ndani ya dirisha, haijaandika popote. Nimeacha rejista ikihesabu usiku kucha, nitaleta namba kesho.