Watoto wa Mama: mapambo ya sikukuu

[19:04] Rehema: Hamjambo nyote. Jumamosi tunapamba kwa Mama. Mwaka huu sitaki kuona taa za kumetameta. Nasema mapema asije mtu akadai hakuambiwa.

[19:26] Rehema: Naona mmesoma. Jibuni basi.

[19:31] Sele: Nipo dada. Ila taa nimeshanunua, mita kumi. Zina kitufe, unabonyeza mpaka zinatulia. Tatizo liko wapi?

[19:35] Wifi Tausi: Shemeji, za mwaka jana nazo zilikuwa na kitufe. Mchana nikazituliza, jioni umeme ukakatika, uliporudi zikaanza kumetameta upya. Nje giza, pazia liko wazi, zikawa zinaonekana ndani ya kioo cha dirisha. Mama akaniambia kuna watu nje wanatupiga tochi. Hakulala mpaka alfajiri, nami sikulala.

[19:36] Sele: Duh. Basi nitazifunga kwenye baiskeli yangu.

[19:36] Baraka: Anko watu watakupisha barabarani wakidhani ni ambulensi 😂😂

[19:37] Sele: 😂😂 Nitafika kazini mapema

[19:39] Rehema: Jamani turudi kwenye mada.

[19:44] Mama Aziza: Kwani shangazi ana kifafa? Mwanangu ndiye daktari alimkataza taa hizo.

[19:48] Wifi Tausi: Kifafa hana, dada. Mama macho yake yanaona, ila kichwa kinashindwa kuamua ameona nini. Kivuli anakiona mtu. Lile zulia jeusi la mlangoni analiona shimo, ndiyo maana husimama pale akashika ukuta. Yale matunda ya plastiki ya mapambo aliyang'ata.

[19:50] Mama Aziza: Maskini. Na vile vidoli vinavyoimba ukipita karibu msiweke, wangu huziba masikio akalia.

[19:52] Sele: Basi tusiweke kitu chochote, yaishe.

[19:58] Wifi Tausi: Hapana shemeji. Nyumba ikiwa tupu kabisa hatajua kama ni sikukuu. Nilifikiri tupambe sehemu moja tu, juu ya kabati linalotazamana na kiti chake. Kitambaa cha rangi moja kisicho na maua, na taa moja ya mwanga wa manjano iliyotulia, yenye kifuniko. Pazia nitalifunga kabla giza halijaingia. Njia ya kutoka kitandani hadi chooni isiguswe, hata waya usipite. Na chumba chake kibaki kilivyo, akichoka na wageni apate pa kukimbilia.

[20:01] Rehema: Vizuri. Basi Jumamosi saa kumi wote tuwe tumefika.

[20:05] Wifi Tausi: Wifi, saa kumi ndipo anapoanza kuhangaika. Na tukipamba vyote kwa mara moja atadhani amehamishwa nyumba. Mimi ningeanza Jumatano, kitu kimoja kila asubuhi akishaoga. Nikimwona anavuta pindo la nguo na kuuliza "tunaondoka saa ngapi", nitaondoa kile nilichoweka mwisho.

[20:06] Rehema: Mimi Jumatano niko kazini.

[20:20] Salma: Mwaka ule mliposogeza kiti chake ili meza yenu ipate nafasi, nilisema atapotea humo humo sebuleni. Nikaambiwa najifanya daktari.

[20:21] Rehema: Salma, hilo tulishalimaliza.

[20:21] Salma: Mlilimaliza ninyi.

[20:47] Mjomba Hamisi: Nimesoma yote. Dada yangu alikuwa akiipamba nyumba hiyo usiku, nyinyi mmelala, mkiamka mnakuta imependeza. Leo mnapanga cha kumwekea, na sijaona hata mmoja aliyesema atamuuliza. Ile nyota ya kitambaa aliishona kwa mkono wake. Mpeni aishike. Atakapoiweka, hapo ndipo mahali pake, hata kama ni juu ya kitanda.

[21:15] Wifi Tausi: Tumekusikia mjomba. Vidole vyake bado vinakumbuka, nguo anazikunja vizuri kabisa.

[21:16] Rehema: Ahsante mjomba. Nyota iko kwa nani?

[21:30] Rehema: Jamani, nyota?

[22:02] Salma: Iko kwangu. Niliichukua siku ile ya kiti.

[22:03] Rehema: Utaileta Jumatano?

[22:10] Sele: Mimi taa zangu nitakuja nazo, zitakaa garini. Wageni wakitaka tutaziwasha uani.

[22:11] Wifi Tausi: Dirisha lake linatazama uani, shemeji.

[22:12] Rehema: Salma?

[06:40] Baraka: Ndiyo nasoma sasa. Kwa hiyo ni Jumatano au Jumamosi? Mimi nije na nini?

[07:15] Salma: Nitaileta. Nitampa Mama mwenyewe mkononi, simpi mtu mwingine.