Naomba ushauri: wasifu wa kampuni, "ina uwezo" au "inazalisha"?

Wakuu, shikamooni. Nasoma chuo hapa Mtwara, naandika wasifu wa ukurasa mmoja wa kiwanda cha saruji cha Dangote, kila sentensi iwe na chanzo cha wazi. Jina la kisheria nitalihakiki BRELA. Kinachonitatiza ni tani milioni 3 kwa mwaka. Ripoti ya mwaka ya kampuni mama, iliyo kwenye soko la hisa la Nigeria, inaita huo uwezo wa kiwanda. Habari moja niliyosoma inasema "kinazalisha". Nimefuata ripoti, nikaweka na namba ya ukurasa. Sasa mapato: ripoti inayagawa Nigeria upande mmoja, nchi nyingine za Afrika zikijumlishwa. Niyakadirie ya Tanzania, au niandike jumla hiyo nikieleza ilivyo?