Naombeni ushauri: kila nikijitoa kwenye barua pepe za matangazo, ndivyo zinavyozidi kuja

Mpanda Mlima (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni. Gmail yangu imefurika matangazo ya mikopo, vidonge, kamari, mpaka viwanja vya Dubai. Kila jioni nakaa nabonyeza "Unsubscribe" moja moja, na badala ya kupungua zinaongezeka. Jirani yangu anasema kujitoa ndiko kunakoniponza, eti nawathibitishia kwamba anwani ina mtu. Sasa nijitoeje bila kujionyesha? Anwani hii siwezi kuiacha, iko benki na kazini.

Nyangumi Mkavu
Vidonge na kamari haviji hivihivi mkuu. Tuanzie hapo 😂

Mama Nasra
Pole mwanangu. Mimi wananimaliza kwa SMS, mara "tuma ile hela kwenye namba hii", mara mkopo nisiouomba. Za utapeli nazisambaza kwenda 15040 kisha nafuta. Wewe jaribu hiyo namba.

Nyangumi Mkavu
Mama, kaka analia na barua pepe, si SMS.

Dogo Seva
Rahisi sana. Fungua barua, bonyeza vile vinukta vitatu, chagua "Show original". Ukiona SPF, DKIM na DMARC zote zimeandikwa PASS, huyo ni mtumaji halali. Jitoe bila wasiwasi.

Fundi wa Barua
Dogo, hapo umepatia nusu, nitarudi. Mpanda Mlima, nijibu mawili. Hizo barua unazikuta Inbox au kwenye folda ya Spam? Na tubandikie mwisho wa linki moja ya kujitoa, usiifungue tena.

Mpanda Mlima
Zinakuja tu kila mahali. Linki ni ndefu, inaishia na `?e=` halafu herufi nyingi zisizosomeka, mwisho kuna alama mbili za sawasawa. Nakutumia pembeni.

Fundi wa Barua
Nimeiona. Nimeweka anwani ya mfano mahali pa yako ili wengine waone:

```
echo anVtYUBleGFtcGxlLmNvbQ== | base64 -d
```

Jibu linalotoka ni `juma@example.com`. Maana yake zile herufi zisizosomeka ni anwani yako iliyovalishwa nguo nyingine. Ukurasa ukifunguka tu, hata kabla hujabonyeza kitu, mwenye seva ameshaandikiwa kwamba anwani hii ina mtu anayesoma na kubonyeza. Wengine hawaweki anwani, wanaweka namba ya kila mpokeaji. Kazi ni ileile.

Ila usidhani linki ya namna hii ni ya matapeli peke yao. Hata duka halali lazima lijue ni nani anayejitoa. Tofauti iko kwa mtu aliye upande wa pili. Na swali langu la kwanza hujalijibu.

Mpanda Mlima
Sawa, nyingi ziko Spam. Lakini nina sababu. Barua ya kuitwa kwenye usaili iliwahi kuangukia huko, nikaiona nafasi imeshapita. Tangu hapo sipuuzi folda ile. Na kwa kuwa mle ndani picha hazifunguki na linki nyingine zinagoma, nabonyeza kwanza "Report not spam", barua ikihamia Inbox ndipo najitoa. Nasafisha kuanzia kwenye mzizi. Sioni kosa la njia hii, na kuna wawili watatu waliacha kweli.

Nyangumi Mkavu
Yaani mwizi kazuiwa getini, wewe unashuka kumfungulia ili umwambie asije tena 😂😂

Fundi wa Barua
Hapo ndipo penye ugonjwa. Unapobonyeza "Report not spam" unaiambia Gmail kwamba ilikosea, mtumaji huyu unamtaka, kwa hiyo zinazofuata inaziachia zipite. Kisha unabonyeza linki, naye anajua upo. Umemfungulia mlango pande zote mbili, halafu unashangaa Inbox kujaa.

Barua iliyoko Spam usijitoe. Usiifungue, usiijibu "niondoeni", iache. Baada ya siku 30 inafutwa yenyewe. Kuhusu usaili, andika kwenye kisanduku cha kutafutia `in:spam usaili`, kisha rudia kwa jina la kampuni uliyoomba. Utaona watumaji na vichwa vya habari bila kufungua hata moja.

Kujitoa ni kwa ajili ya mtumaji unayemfahamu: duka ulikonunua, gazeti uliloliomba. Hata hapo linki ya chini ya barua iache, tumia ile "Unsubscribe" ambayo Gmail yenyewe inaiweka kando ya jina la mtumaji. Gmail inaitoa kwenye mistari iliyofichwa kichwani mwa barua. "Show original" itakuonyesha kitu kama hiki:

```
List-Unsubscribe: <https://duka.example/u/83f1>
List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click
```

Ikiwepo mistari yote miwili, seva za Google ndizo zinazopeleka ombi. Brauza yako haifungui ukurasa wowote. Tangu 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wakubwa wa matangazo waweke njia hii na watekeleze ombi ndani ya siku 2. Lakini ukikuta `mailto:` peke yake, kujitoa kunatuma barua kutoka kwenye anwani yako. Kwa duka halina shida, kwa mgeni ni kujitambulisha.

Ukiishia kwenye ukurasa unaotaka nywila, toka. Kujitoa hakuhitaji nywila ya Gmail hata siku moja.

Dogo Seva
Na PASS je? Mimi nafanya kazi hizi, PASS si mchezo.

Fundi wa Barua
PASS inasema barua imetoka kweli kwenye domeni iliyoandikwa. Haisemi mwenye domeni ni mtu mwema. Tapeli ananunua domeni yake leo, anaweka rekodi zake vizuri, na zote tatu zinapita. Angalia PASS ni ya domeni gani, kisha jiulize kama unaijua.

Jicho la Tatu
Mnanifurahisha. Akaunti imefunguliwa wiki hii, uzi ni huu mmoja, na mtu anayesema ana kazi ya ofisini hajui Spam ni nini. Mimi naona huyu ndiye mtumaji wa hizo barua. Kaja kujua watu wanamkwepaje.

Mpanda Mlima
Wewe nawe! Nimeuliza kwa nia njema. Nilijiunga kwa ajili ya tatizo hili hili, kuna ubaya gani?

Jicho la Tatu
Basi taja hao "wawili watatu" walioacha.

Mpanda Mlima
Wa shule za ng'ambo mmoja, na duka la viatu.

Nyangumi Mkavu
Duka la viatu ulinunua kweli?

Mpanda Mlima
Nilinunua.

Fundi wa Barua
Basi ndiyo maana waliacha. Na hata akiwa mtumaji, hakuna siri niliyoitoa hapa, wao haya wanayajua kutuzidi.

Wakili Mstaafu
Vijana mnasahau sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, Kenya wana yao ya 2019. Peleka malalamiko.

Dogo Seva
Mzee wangu, kwa kampuni ya hapa sawa. Huyu wa vidonge utampelekea wapi hati ya wito?

Mpanda Mlima
Fundi, ambazo nimeshazihamishia Inbox nifanyeje? Na kufungua tu bila kubonyeza, nako kunanionyesha?

Fundi wa Barua
Zichague kwenye orodha bila kuzifungua, "Report spam", ukiulizwa kama unataka pia kujitoa, kataa kwa hao usiowajua. Duka la viatu usilitupe huko, risiti zako zitaangukia Spam. Kuhusu kufungua: picha inaweza kuwa na linki ya kwako peke yako. Google inaipitisha kwenye seva zake, kwa hiyo hawaoni ulipo, ila wanaweza kujua barua imefunguliwa. Nenda Settings, kwenye Images weka "Ask before displaying external images". Waliokwisha kukuthibitisha hutaweza kuwasahaulisha. Wataendelea kutuma, kazi yako ni ziishie Spam.

Mpanda Mlima
Nimeelewa. Ila folda ile bado nitaipitia kila jioni, siwezi kuiamini.

Mama Nasra
Na hiyo 15040 hujajaribu?